Ua la Vanila Halisubiri Umalize Chai

Wewe uliyeanza kazi juzi kwenye kitalu nyumba cha vanila hapa Dodoma, kabla sijakuonyesha namna ya kushika kijiti cha kuchavushia maua nataka tuzungumze kuhusu saa. Mkono wako utazoea kwa siku mbili tatu. Hasara kubwa niliyoipata mimi ilitokana na saa.

Ua la vanila hufunguka alfajiri, na kufika mchana limeshaanza kulegea na kujifunga. Halifunguki tena kesho yake. Kishada kimoja kinaweza kubeba vitumba 15 hata 20, lakini hufunguka moja moja, pengine mawili kwa siku. Ndiyo maana kazi hii ni ya kila asubuhi kwa wiki kadhaa, Jumapili ikiwamo.

Chukua ua moja ulipasue taratibu ulione kwa ndani. Katikati kuna kinguzo. Kwenye ncha yake imekaa chavua, bonge dogo la njano linalonatanata. Chini yake kidogo ndipo mahali pa kuipokea, yaani stigma, nayo asubuhi ina majimaji mazito yanayong'aa. Kati ya hivyo viwili kuna utando mdogo kama ulimi unaovitenganisha. Nyuki wetu, hata hawa wanaotupa asali nzuri huku kanda ya kati, wanaweza kutua hapo lakini usitegemee wakufanyie kazi ya kuifikisha chavua kwenye stigma. Kwao Meksiko ua hili lina nyuki wake. Kwingine kote ni mkono wa mtu, kwa njia aliyoibuni Edmond Albius, mtoto mtumwa wa miaka 12 katika kisiwa cha Réunion, mwaka 1841.

Saa chache zile zinatokana na ule unyevu. Majimaji ya stigma ndiyo yanayoishika chavua na kuiwezesha kuota. Petali ni laini, zinapoteza maji haraka, na mmea hauna sababu ya kulilisha ua moja siku nzima wakati kesho lingine linafunguka. Jua likipanda, stigma inakauka na chavua inakuwa kavu. Utabonyeza vizuri kabisa na haitashika. Kwa hewa yetu kavu ya Dodoma na upepo wake, muda huo unazidi kufupika.

Msimu wangu wa pili nilikuwa na kijana mgeni kazini. Asubuhi moja tulihesabu maua 46 yaliyofunguka. Tulianza saa 1 upande wa magharibi, kwa sababu tu ndiko mlango uliko. Upande wa mashariki, ambako jua linapiga neti mapema, tuliufikia saa 4 ikikaribia saa 5. Kijana akaniambia, "Mzee, haya mbona yamelegea?" Nikamwambia aendelee tu. Keshokutwa yake, katika 30 ya magharibi yalibaki 27 bila kudondoka. Katika 16 ya mashariki yalibaki 4. Mkono ulikuwa uleule. Tangu siku hiyo tunaanza kwenye jua na kumalizia kivulini, na jioni tunamwagia maji sakafu ili usiku hewa iwe na unyevu. Maua yenyewe usiyamwagie, kwa kuwa chavua iliyolowa haishiki.

Sasa mkono. Shika ua kwa nyuma kwa mkono wa kushoto. Kwa kijiti cha meno kilicholainishwa ncha, chana ile petali iliyojikunja kama bomba, kinguzo kionekane. Pitisha kijiti chini ya ule ulimi, uinue juu. Ukiwa umeuinua, kwa kidole gumba sukuma chavua ishuke iguse stigma, kisha chomoa kijiti huku kidole kikibaki kimebonyeza kidogo. Chavua ikirudi na kijiti, ujue umekichomoa mapema. Ukiona umetoboa kinguzo, umetumia nguvu. Nenda ua linalofuata.

Usichavushe kila ua. Mimi huacha matunda 6 hadi 8 kwa kishada, na huchagua maua ya upande wa chini ili matunda yaning'inie yakiwa yamenyooka. Ukizidisha, mmea unachoka na matunda yanakuwa mafupi.

Jibu hutasubiri mpaka mavuno, ambayo yapo miezi 8 au 9 mbele. Ua lililokosa hugeuka njano na kudondoka ndani ya siku moja au mbili, hata ukiligusa tu. Lililoshika hunyauka vilevile, ila hubaki limeng'ang'ania kwenye ncha ya kikonyo cha kijani, na kikonyo hicho ndicho kinachorefuka kuwa tunda. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla hujagusa maua mapya, pita kwenye ya juzi uyaguse kwa kidole, uandike daftarini yaliyobaki pamoja na saa uliyoyachavusha.