Kirali bila kaboni asimetriki: jinsi ya kutoa Ra na Sa bila kubahatisha

Wadogo zetu mnaoanza stereokemia hapa Lubumbashi, kuna swali moja ambalo halikosi kwenye interogasio: je, penta-2,3-dieni, CH3–CH=C=CH–CH3, ni molekuli ya kirali? Wengi wanatafuta kaboni yenye makundi manne tofauti, wanaikosa, wanaandika «hapana», wanapoteza pointi. Jibu ni ndiyo. Kaboni asimetriki ni njia moja tu ya kupata kirali. Kinachoamua ni kama molekuli yaweza kulaliana na taswira yake ya kwenye kioo au la.

Molekuli kama hii, yenye vifungo maradufu viwili mfululizo, inaitwa aleni. Angalieni kaboni yake ya katikati. Ina vifungo viwili vya pai, na kila kimoja kinatumia obitali p yake. Obitali hizo mbili zimesimama kwa nyuzi 90, kwa hiyo makundi ya ncha ya kushoto yakiwa juu na chini, yale ya ncha ya kulia yatakuwa mbele na nyuma. Sharti ni moja: kila ncha iwe na makundi mawili tofauti. Si lazima ncha moja itofautiane na nyingine; hapa zote mbili zina CH3 na H, na molekuli bado ni ya kirali. Lakini buta-1,2-dieni, CH3–CH=C=CH2, si ya kirali, kwa sababu ncha yenye H mbili inaacha bapa la ulinganifu. Vifungo maradufu vya mfululizo vikiwa vitatu badala ya viwili, ncha zote zinalala kwenye bapa moja, na hapo mnarudi kwenye sis na trans.

Van 't Hoff alitabiri jambo hili mwaka 1875. Aleni ya kwanza yenye kugeuza mwanga ilipatikana mwaka 1935, na Maitland na Mills. Miaka 60 ilipita katikati.

Sasa jina, yaani kuamua kama mhimili ni Ra au Sa. Mwalimu atachora hivi: kaboni tatu kwenye mstari wa mlalo, kushoto CH3 juu na H chini, kwa mistari ya kawaida, kulia CH3 kwenye kabari nyeusi, yaani inakuja kwako, na H kwenye kabari ya vistari, yaani inakwenda nyuma ya karatasi. Jiwekeni upande wa kushoto wa mchoro, mtazame kwenye mhimili kuelekea kulia. Ncha iliyo karibu ina CH3 saa 12 na H saa 6. Ya mbali je? Hapa ndipo watu wanapoteleza. Ukitazama kutoka kushoto, kilicho kwenye kabari nyeusi kinakuwa mkono wako wa kulia. Ukitazama kutoka kulia, kinakuwa mkono wa kushoto. Kwa hiyo CH3 ya mbali iko saa 3, na H yake iko saa 9.

Chora msalaba huo kwenye karatasi, kisha toa namba. Kanuni ya ziada ya mhimili inasema ncha ya karibu hutangulia daima: makundi yake yanapata 1 na 2, hata kama ncha ya mbali ina kundi zito zaidi. Ya mbali yanapata 3 na 4. Ndani ya kila ncha mnatumia kanuni za kawaida za Cahn, Ingold na Prelog. Basi CH3 ya karibu ni 1, H ya karibu ni 2, CH3 ya mbali ni 3. Namba 4 iko nyuma tayari, hivyo hakuna cha kugeuza. Fuata 1, 2, 3: kutoka saa 12 kwenda saa 6, halafu saa 3. Hatua ya kwanza inapita katikati, haina mwelekeo. Mwelekeo unaonekana kwenye robo ya 2 kwenda 3. Kutoka saa 6 kwenda saa 3 ni kinyume cha mshale wa saa. Jina ni (Sa)-penta-2,3-dieni.

Kuna ukaguzi unaochukua sekunde chache. Angalia robo ya 1 kwenda 3, kutoka mbele kwenda nyuma: saa 12 kwenda saa 3, ni kwa mshale wa saa. Hiyo inaitwa P. Kinyume chake ni M. Sa huenda na P, Ra huenda na M. Maana yake robo hizo mbili lazima zipingane. Zikikubaliana, umeweka kundi mahali pasipo pake. Wengi huchanganya wakidhani P lazima iwe R kwa kuwa zote ni za mshale wa saa. Hapana, zinapima robo tofauti.

Ukaguzi wa pili ni kutazama kutoka kulia. CH3 ya karibu sasa iko saa 9, H saa 3, na CH3 ya mbali saa 12. Robo ya 2 kwenda 3 ni saa 3 kwenda saa 12, kinyume cha mshale. Bado Sa. Upande wa kutazamia haubadilishi jibu, na ukibadilika kwenu, kosa ni la mkono wa kulia na wa kushoto.

Kwa biarili, yaani pete mbili za aromatiki zilizounganishwa, mfano mzuri ni asidi ya 6,6'-dinitrobifenili-2,2'-dikaboksili, ambayo Christie na Kenner waliitenganisha mwaka 1922. Mhimili ni kifungo kimoja kati ya pete mbili. Hapa usilinganishe NO2 na COOH moja kwa moja, wala usifuate namba za jina. Linganisha kaboni mbili za orto, zile zilizo jirani na kaboni ya mhimili: ile ya NO2 imefungwa na (N, C, C), ile ya COOH na (C, C, C). Ya NO2 inashinda. Tuseme pete ya kushoto ina NO2 juu na COOH chini, na ya kulia ina COOH kwenye kabari nyeusi. Ukitazama kutoka kushoto, COOH ya mbali iko saa 3, NO2 yake saa 9. Robo ya 2 kwenda 3 ni saa 6 kwenda saa 9: Ra, yaani M. Pete hizi si lazima zikae kwa nyuzi 90 kamili. Kinachohesabika ni upande gani, si ukubwa wa pembe.

Tofauti kubwa na aleni ni kwamba kifungo kimoja kinaweza kuzunguka. Bifenili tupu inazunguka wazi kabisa, hata kama unaweza kuichora ikiwa ya kirali. Makundi ya orto ndiyo yanayozuia, na ukubwa wake ndio unaoamua: florini ni ndogo mno, iodini inabana vizuri. Kipimo kinachotumika sana ni cha mkemia Oki: nusu-maisha ya sekunde 1000 au zaidi, sawa na kizuizi cha karibu 93 kJ/mol kwenye 300 K. Chini ya hapo, kuandika Ra kwenye chupa hakuna maana, kwa sababu kabla hujamaliza kupima yaliyomo yatakuwa mchanganyiko. Na ukipasha moto biarili iliyo karibu na mpaka huo ili kukausha kiyeyusho, polarimetri itashuka kuelekea sifuri ingawa kromatografia ya kawaida inaonyesha dutu safi. Hapo usitafute uchafu, pete zimezunguka. Kausha kwa vakyumu, bila moto.