Safu ya idadi niifute?

"Jedwali langu lina wavuvi 75% na wachuuzi wa samaki 75% wanaotaka soko lihamishwe. Bosi anasema safu ya idadi inajaza ukurasa tu. Niifute?"

Usiifute. Safu hiyo ndiyo inayoonyesha kwamba wanaotaka kuhama ni wavuvi 312 kati ya 416, na wachuuzi 6 kati ya 8. Mchuuzi mmoja akibadili mawazo, 75% inashuka hadi 63%. Mvuvi mmoja akibadili, hakuna atakayegundua. Kama sampuli ni ya nasibu, kwa kiwango cha 95% wavuvi wako kati ya 71% na 79%. Wachuuzi ni 41% hadi 93%, yaani hujui hata kama walio wengi wanataka kuhama!

Bosi akilalamikia nafasi, andika "75% (6/8)" kwenye seli hiyohiyo. Desimali ondoa.

– Mimi kikundi chini ya 30 nakificha, kwisha.

Nusu sawa. Ripoti za DHS, zile tafiti za kitaifa za afya na idadi ya watu, huweka nyota badala ya asilimia kikundi kikiwa chini ya watu 25, na mabano kikiwa 25 hadi 49. Lakini hesabu hiyo ni ya waliohojiwa kweli, kabla ya uzito wa sampuli. Uzito unaweza kuwafanya watu 8 waonekane 40.

– Na kama wote 8 nawafahamu kwa majina?

Hapo ni suala la siri zao. 8/8 ingewaanika wote. Waunganishe na kikundi kingine, ingawa sijui bosi wako atasemaje.