Manjano ya kapsuli: poda au dondoo?

Makopo mawili ya kapsuli za manjano, yote yameandikwa miligramu 500. Moja ni poda, jingine ni dondoo yenye asilimia 95 ya kurkuminoidi, na ni ghali zaidi. Si kitu kimoja?

Hapana, ni vitu viwili tofauti kabisa. Poda ni mzizi uliokaushwa na kusagwa, kama ule wa jikoni. Kurkuminoidi, yaani viambato vya njano ambavyo watafiti huvichunguza, huwa karibu asilimia 3 ya uzito wake, na kiasi hicho hubadilika kutoka shamba hadi shamba. Kwa hiyo kapsuli ya poda inakupa kama miligramu 15. Kwenye dondoo, viambato vimetolewa kwa kiyeyusho na kupimwa ili kila kapsuli iwe na kiwango kilekile: asilimia 95 ya 500 ni 475. Kupata kiasi hicho kwa poda ungehitaji karibu gramu 16, na hakuna anayemeza kapsuli 32 kwa siku.

Langu limeandikwa "dondoo 10:1, sawa na gramu 5 za mmea". Lina nguvu zaidi?

Huwezi kujua. Uwiano huo unasema tu kwamba kilo 10 za mmea zilitoa kilo 1 ya dondoo. Tafuta asilimia au miligramu za kurkuminoidi. Zisipoandikwa, mimi singelinunua.

Mama ana kilo 60 na magoti yanamsumbua. Ameze ngapi?

Majaribio mengi ya maumivu ya magoti yalitumia karibu miligramu 1,000 za kurkumini, kurkuminoidi iliyo kuu, kwa siku, kwa wiki 8 hadi 12. Hizo ni kapsuli mbili za dondoo hiyo. Lakini kamati ya wataalamu ya FAO na WHO imeweka kikomo cha miligramu 3 kwa kila kilo ya mwili kwa mtu anayeila kila siku maisha yote, yaani 180 kwa mama. Kapsuli moja tu tayari inakizidi. Hivyo dozi ya majaribio ni ya muda. Ningemwanzishia moja kwa siku pamoja na chakula, na kama hadi wiki ya 12 hakuna nafuu, aache. Hakikisha pia kama namba ya kwenye lebo ni ya kapsuli moja au mbili.

Ikiwa na pilipili manga ndani ni bora?

Piperini ya pilipili manga hufanya kurkumini nyingi zaidi iingie kwenye damu, kwa hiyo miligramu zilezile huwa dozi kubwa zaidi. Kumeripotiwa watu walioumia ini kwa vidonge vya manjano, baadhi vikiwa vya aina hii. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai, macho yakiwa ya njano au mwili ukiwasha, acha siku hiyohiyo uende hospitali. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, au mwenye mawe kwenye nyongo asianze bila kumuuliza daktari. Manjano ya kwenye mchuzi endelea nayo.