Laptopu imekufa, projekti ya Ijumaa

"Laptopu imezima jumla, projekti ya Java ni Ijumaa, nimwandikieje lecha?"

Pole mdogo wangu. Andika leo leo, ukituma baada ya dedilaini itasomeka kama kisingizio. Yangu ilizima nikiwa Ngamiani, fundi akasema bodi imeungua ila diski ni nzima, nikamwomba aandike hivyohivyo kwenye risiti, na tarehe, nikaipiga picha nikaambatanisha. Kama ulikuwa unapandisha kazi GitHub weka linki, lecha aone ulifika wapi. Usiishie "naomba muda", taja: "Moduli tatu kati ya nne zimekamilika, naomba hadi Jumatano saa 10 jioni." Na fundi asifomati diski kabla hujakopi kazi yako! Kaulize idarani pia, huenda kuna fomu.