Wakisitisha Ajira, Usiandike Kama Nilivyoandika

Juzi kijana mmoja wa Kondele alinionyesha barua aliyotaka kuipelekea kampuni iliyomhoji, kisha ikamjulisha kuwa imesitisha kuajiri. Nilipofika mstari wa tatu nikacheka, halafu nikaona haya. "Niko tayari kwa kazi yoyote." Maneno hayo nayajua, niliwahi kuyaandika mwenyewe.

1. Jibu ndani ya siku mbili, juu ya barua pepe ileile waliyokutumia. Usibadilishe kichwa, namba ya tangazo iko hapo.

2. Usiombe kazi nyingine ndani ya barua hiyo. Hapa mniwie radhi, nitakaa kidogo.

Nilihojiwa na kiwanda kimoja huku magharibi, nafasi ya karani wa stoo. Ilani ya kusitisha ilipofika, nilijifungia chumbani Nyalenda saa tano usiku, nikajaza kurasa mbili. Deni la HELB likaingia, mama akaingia, karo ya mdogo wangu ikaingia. Nikamalizia: "hata atachimenti, hata kufagia." Nakala nikawatumia wanajopo wote. Asubuhi nikapiga simu mara nne!

Sikujua kwamba nafasi haikufa. Bajeti yake ndiyo iliyofungwa, na karatasi ya alama ilibaki kwenye faili. Miezi mitano baadaye wakafungua faili hilo bila kutangaza upya. Wa kwanza alishapata kazi Nakuru. Wa pili nilikuwa mimi. Dada mmoja wa ofisini aliniambia baadaye kwamba mkuu wa stoo aliuliza, "Si huyu ndiye aliyetaka hata kufagia?" Wakamwita wa tatu.

3. Barua yenyewe iwe fupi hivi:

"Asante kwa kunijulisha. Bado naitaka nafasi ya karani wa stoo niliyohojiwa tarehe 14 Mei. Mliniuliza ningefanyaje vipuri visipolingana na kadi ya stoo. Tangu siku hiyo nahesabu mali kila Jumamosi katika duka la vifaa la mjomba wangu, na tofauti naiandika siku hiyohiyo. Naomba mbaki na karatasi zangu hadi Desemba. Mkiniita, naweza kuanza baada ya wiki mbili. Je, nafasi hii itaangaliwa tena lini?"

Sentensi ya "mbaki na karatasi zangu" msiidharau. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 haitaki taarifa za mtu zihifadhiwe kupita muda unaohitajika, kwa hiyo ruhusa yako inampa afisa sababu ya kutozifuta. Na lile swali la mwisho linakuonyesha mwaka wao wa fedha unaanza Januari au Julai.

4. Kumbusha mara moja tu, bajeti mpya ikishaanza. Simu, hapana.

Kijana wa Kondele amekubali kufuta mstari wa tatu. Mama yake bado yumo, aya nzima, na tunaendelea kubishana.