Mfuko mmoja wa saruji utoe matofali mangapi?

Swali: Mhandisi, habari za kazi. Nataka kufyatua matofali ya inchi 6 hapa kiwanjani kwangu, Mkuranga, yapate 1,500. Fundi anasema mfuko mmoja unatoa matofali 35, na kwamba anachanganya moja kwa sita. Jirani yangu anasema mfuko hautoi zaidi ya 15. Nimwamini nani, na ninunue mifuko mingapi?

Jibu: Salama, ndugu yangu. Jirani yuko karibu zaidi na ukweli. Kwa tofali la inchi 6 lisilo na matundu (sentimita 45 kwa 23 kwa 15), mimi husimamia matofali 14 kwa mfuko wa kilo 50.

Mfuko mmoja wa saruji una ujazo wa lita 35 hivi, yaani ndoo moja na robo tatu ukitumia ndoo ya lita 20. Tofali lenyewe lina ujazo wa lita 15 na nusu, lakini mchanga hupungua ukilowa na kushindiliwa kwenye mashine. Kwa hiyo tofali moja la inchi 6 hula takriban ndoo moja ya mchanga. Shika kipimo hicho, maana kinakuwezesha kumpima fundi yeyote. Uwiano wa moja kwa nane ni mfuko mmoja kwa ndoo 14 za mchanga, nawe utapata matofali kama 14. Moja kwa sita ni ndoo kumi na nusu, na matofali 11 au 12. Matofali 35 yanahitaji ndoo 35, na hapo uwiano umefika moja kwa ishirini. Tofali la namna hiyo unalikwangua kwa msumari likamwagika mchanga, na kona zake huvunjika wakati wa kupakia tu.

Fundi wako huenda hakudanganyi kwa makusudi. Mafundi wengi wakisema moja kwa sita wanamaanisha mfuko mmoja kwa toroli sita. Toroli iliyojazwa sawasawa na ukingo hubeba lita 60 hadi 65, karibu ujazo wa mifuko miwili ya saruji. Toroli sita za usawa wa ukingo ni kama moja kwa kumi na moja tayari. Akizijaza kwa kilima, kama inavyofanyika kila siku, anavuka moja kwa kumi na nne. Hapo atapata matofali 25 hivi. Ili afike 35 lazima aongeze tena toroli. Ndiyo maana nakuomba toroli zibaki za kusombea tu, na mchanga upimwe kwa ndoo iliyosawazishwa juu kwa ubao.

Kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa, tumia moja kwa nane kwenye kuta, na moja kwa sita kwa matofali ya msingi, kwa sababu yale hukaa kwenye unyevu na kubeba kila kitu. Tuseme 300 kati ya yale 1,500 ni ya msingi: utahitaji mifuko 27. Matofali 1,200 ya ukuta yatahitaji 86. Jumla ni mifuko 113. Kwa hesabu ya fundi ungenunua 43, na tofauti hiyo yote ingekuwa saruji isiyokuwepo ukutani. Nunua saruji iliyoandikwa 42.5 kwenye mfuko.

Changanyeni mchanga na saruji vikiwa vikavu mpaka rangi iwe moja pande zote, ndipo maji yaingie kidogo kidogo. Finya mchanganyiko kwenye kiganja: ukishikamana bila kuchuruzika maji, umefaa. Ukisambaratika, ongeza maji kidogo. Mfuko mmoja uliochanganywa uishe ndani ya saa moja, na usikubali rundo lililoanza kukauka liongezewe maji ili lilainike.

Kushindilia nako kunabadilisha idadi. Tofali la inchi 6 lililoshindiliwa vizuri huwa na uzito wa kilo 30 hivi likiwa bichi. Likipungua hadi 26, fundi anajaza hewa, na idadi itaonekana nzuri kwa sababu hiyo. Kila jioni hesabu matofali pamoja na mifuko mitupu: matofali 140 ya ukuta lazima yawe na mifuko 10.

Kesho yake asubuhi anza kumwagilia, mara mbili au tatu kwa siku kwa siku 7 mfululizo, na uyafunike kwa turubai au majani ya mnazi jua lisiyapige. Mkuranga joto ni kali, na tofali lililokauka siku ya pili huacha kukomaa hata kama saruji ilitosha. Yasipangwe ukutani kabla ya siku 14. Yale ya msingi yape siku 28.