Daftari la hamu ya sigara: safu iliyonisaidia kulisoma

"Napunguza sigara taratibu, na nimeshauriwa niandike kila siku hamu inapokuja, kilichoichochea na nilichofanya badala ya kuvuta. Nimejaza kurasa kadhaa lakini sioni zinanisaidia nini. Mliopitia hili mliandikaje?"

Ndugu yangu, mimi nilipunguza kwa njia hiyo hiyo mpaka nikaacha, na kilichozipa kurasa zangu maana ni safu moja ambayo haimo katika hizo ulizozitaja: muda uliopita tangu sigara ya mwisho.

Nikotini iliyomo kwenye damu hupungua kwa takriban nusu kila baada ya saa mbili. Hamu inayokuamsha asubuhi, baada ya usiku mzima bila kuvuta, kwa sehemu kubwa ni mwili unaodai nikotini. Lakini hamu inayokujia dakika 20 tu baada ya kuzima sigara haiwezi kuelezwa kwa upungufu huo, kwa hiyo chanzo chake kitafutwe katika mahali ulipo, mtu uliye naye au shughuli uliyoimaliza punde. Hamu hizi mbili zikija zinafanana kabisa, na ndiyo maana mtu anayeandika "saa nne, hamu kali, nimekunywa maji" hawezi kujua kwa nini maji yalifaa jana na leo hayakufaa.

Mstari wangu mmoja ulikuwa hivi: saa 7:40 mchana, hamu 7 kati ya 10, dakika 25 tangu sigara ya mwisho, nimemaliza kula na mwenzangu wa kazini amesimama kwenda nje kuvuta, nimekwenda kupiga mswaki, baada ya dakika 10 hamu ni 3, sikuvuta. Nilipoisoma mistari ya mchana ya wiki nzima kwa pamoja, niliona kwamba karibu yote ilikuwa na muda mfupi tangu sigara iliyotangulia, na kwamba siku ambazo mwenzangu huyo hakuwapo hamu ilikuwa ndogo au haikuja kabisa. Mwili wangu haukuwa na njaa ya nikotini saa ile. Nilikuwa nimezoea kusimama pamoja naye kila tulipomaliza kula. Mswaki ulifaa kwa sababu uliniondoa mezani kabla hajaniita, na ladha ya dawa ya meno huifanya sigara isiwe na utamu. Karanga nilizozijaribu kabla ya hapo hazikunisaidia, kwani nilizila nikiwa nimekaa pale pale.

Ndiyo maana nakusihi kichocheo ukiandike kama jambo ambalo mtu mwingine angeliona kwa macho. "Msongo wa mawazo" hauonyeshi pa kuanzia, ila "nimekata simu ya mwenye nyumba" unaonyesha. Andika pia wakati hamu ingali ipo, hata kama ni maneno matatu kwenye simu, kwa maana ukingoja hadi usiku utakumbuka zile kali tu, na zile ndogo zinazoishia kwa sigara bila wewe kutambua zitapotea. Tathmini ya usiku iwe ya kusoma mistari na kuchagua kichocheo kimoja cha kushughulikia kesho. Namba ya baada ya dakika 10 usiiruke, kwa sababu wimbi la hamu kwa kawaida hupanda na kushuka ndani ya dakika chache. Ikiwa kitendo kimoja kimekuachia namba ile ile mara tatu mfululizo kwa kichocheo hicho hicho, kibadilishe.

Kwa zile hamu zinazokuja muda mrefu baada ya sigara ya mwisho, hasa ya asubuhi, vitendo vya namna hii vina kikomo. Unaweza kusogeza sigara ya kwanza mbele kwa dakika 15 na kuzidi kuisogeza kila unapozoea, lakini ikiwa daftari linaonyesha kwamba kila siku unavuta ndani ya nusu saa tangu kuamka, hiyo ni dalili inayojulikana ya utegemezi mkubwa, na inafaa uende nalo kwa daktari au mfamasia mzungumzie bandiko la nikotini badala ya kupambana kwa mswaki na maji.

Kuna jambo jingine ambalo idadi ya sigara huificha. Mtu anayepunguza huanza, pasipo kukusudia, kuvuta kwa nguvu zaidi na kuimaliza sigara hadi kwenye kichungi, na hivyo kupata karibu nikotini ile ile kutoka sigara chache. Nilianza kuandika kando ya kila sigara kama niliizima nusu au niliifikisha mwisho. Ukiona idadi inashuka, ilhali zote zinafika mwisho na namba za hamu hazipungui wiki hadi wiki, usipunguze nyingine kwanza. Anza kuzima zilizobaki mapema, na mstari wa kila moja uendelee kuandikwa kama kawaida.